Utaridi ya Msichana wa Sanya Juu

Jina nililosomea sekondari halikuwa langu. Naanza na hilo, kwa sababu bila kulijua, msomaji ataona hofu yangu ya mwaka ule ni ya kitoto. Nilikuwa mwoga tangu zamani, sikatai. Nilikuwa naogopa ng'ombe wetu wenyewe, aliyefungwa zizini na ambaye hajawahi kumkanyaga mtu. Lakini hofu ya jina ilikuwa na sababu zake.

Nilifeli darasa la saba. Kwetu Rombo miaka ile kufeli darasa la saba hakukuwa ajabu, maana nafasi za sekondari za serikali zilikuwa chache, na shule za binafsi, ingawa zilikuwa zimeanza kuota kila parokia na kila usharika, zilitaka ada ambayo kahawa ilikuwa haitoi tena. Kurudia darasa kulikatazwa. Watu walirudia hivyo hivyo. Njia ilijulikana mlimani kote: unapelekwa shule ya mbali, unatafutiwa mwanafunzi aliyeacha masomo lakini jina lake bado liko kwenye daftari la mahudhurio, unakaa kwenye dawati lake, unafanya mtihani kwa jina lake. Ukifaulu, jina hilo ndilo linalochaguliwa, na wewe unalifuata.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa mwalimu wa shule moja ya msingi upande wa Sanya Juu. Mama alimwendea na mkungu wa ndizi na machozi, akarudi na jina. Lilikuwa la msichana aliyekuwa ameacha shule tangu mwezi wa pili kumuuguza mama yake. Nikahamia kwa mjomba, nikawa yeye. Nilifaulu, nikachaguliwa shule ya serikali ya wasichana ya bweni mjini Moshi. Pamoja na jina nilipewa tarehe yake ya kuzaliwa, siku ya mwisho ya mwezi wa sita, na mwaka wake, maana yeye alizaliwa mwaka mmoja baada yangu. Hayo niliyakariri njiani ndani ya basi kama watu wanavyokariri Salamu Maria.

Miaka mitatu ilipita salama. Nilikuwa sisemi darasani, kwa hiyo hakuna aliyenitazama sana. Nikiitwa lile jina nilichelewa kidogo kuitika, na wenzangu wakadhani nina tatizo la masikio. Likizo nilirudi nyumbani nikawa mimi tena. Kidato cha nne ndipo mambo yalipoanza.

Kidato cha nne kilikuwa na fomu. Kila mwanafunzi alitakiwa kujaza mchepuo anaoutaka kidato cha tano, yaani yale masomo matatu atakayoendelea nayo, na fomu ile ilibeba maisha yote. Ukijaza Historia, Kiswahili na Kiingereza, huwezi tena kuwa daktari. Ukijaza Fizikia, Kemia na Biolojia kwa kumridhisha baba, halafu kichwa kikakataa, utarudi nyumbani kulima. Chini ya fomu palikuwa na nafasi ya sahihi ya mwalimu wa ushauri, na bila sahihi hiyo fomu haikupokelewa.

Mwalimu wa ushauri alikuwa mwalimu wetu wa hesabu. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenyeji wa Pangani, aliyesoma Ulaya miaka kadhaa na kupanga chumba kwa bibi mmoja mzee wa huko. Yule bibi ndiye aliyemfundisha elimu ya nyota. Alirudi na kitabu kinene cha majedwali, kila ukurasa mwezi mmoja, kila mstari siku moja, na kwenye mstari kuna tarakimu za mahali Jua, Mwezi na sayari zilipokuwa siku hiyo. Hakikuwa na hirizi wala picha ya kutisha, kilifanana na kitabu cha logarithimu. Hata hivyo wasichana wa Kikatoliki kama mimi tulifundishwa kwamba kutazamia ni dhambi, na mara ya kwanza nilipokiona nilipiga ishara ya msalaba chini ya dawati.

Mwalimu mwenyewe alicheka mambo ya kutazamia. "Mimi sitabiri," alituambia. "Sijui nani ataolewa wala nani atafaulu. Natazama nyota moja tu, Utaridi, ile iliyo karibu na Jua kuliko zote. Utaridi ndiyo ulimi na masikio yako. Inaonyesha unavyosema, unavyoshika somo, na somo gani halitakuchosha. Mengine mwulizeni padri."

Kabla ya kusaini fomu alimwita kila mmoja ofisini, akasoma tarehe ya kuzaliwa kwenye fomu, akachora duara kwa bikari na kuligawa vipande kumi na viwili, kila kipande nyota moja ya kuzaliwa, Kondoo, Ng'ombe, Mapacha na nyinginezo. Wenzangu walifurahi mno, wakawa wanatoka huko wakigombana nani ana Utaridi gani. Mmoja aliyekuwa mzito wa kuelewa lakini hasahau kitu aliambiwa Utaridi yake iko kwenye Ng'ombe, kwa hiyo afundishwe kwa vitu anavyovishika mkononi na asiharakishwe. Mwingine, aliyekuwa akisoma kila kitabu kuanzia mwisho, aliambiwa alizaliwa siku ambazo Utaridi ilikuwa inaonekana kurudi nyuma, jambo linalotokea mara tatu hivi kwa mwaka, wiki tatu tatu. Mwalimu alieleza kwamba sayari hairudi nyuma kweli, ni sisi tu tunaiona hivyo kutoka hapa duniani, lakini aliyezaliwa siku hizo kila akijifunza jambo hulirudia kimoyomoyo kabla ya kulisema. Wote walikubali kwamba amesema kweli.

Mimi nilisikiliza kwa hofu. Tarehe iliyokuwa kwenye fomu yangu haikuwa yangu. Kama kitabu kile ni uongo, hakuna shida. Kama ni kweli, basi mwalimu ataifungua akili ya mtu mwingine, akiwa ananitazama mimi.

Zamu yangu ilifika mchana wa Jumatano. Nilimwamkia, akaitikia bila kuinua kichwa. Alikuwa ameshafungua mwezi wa sita.

"Kwanza tunatafuta Jua," alisema, kidole kikishuka kwenye mstari wa mwisho. "Jua liko Kaa, digrii tisa hivi. Unajua kwa nini naanza na Jua?"

Nilitikisa kichwa.

"Kwa sababu Utaridi haiendi mbali na Jua. Haizidi digrii ishirini na nane. Kwa hiyo lazima iwe nyota ile ile ya Jua, au ya nyuma yake, au ya mbele yake. Ukiambiwa iko kwingine, mtu kakosea hesabu." Akasogeza kidole. "Hii hapa. Imebaki nyuma, iko Mapacha, digrii ishirini na mbili. Na Mapacha ni nyumbani kwake."

Alitia alama kwenye duara. Halafu akatafuta sayari nyingine moja moja, maana, alisema, nyota peke yake haitoshi. Lazima ujue Utaridi inatazamana na nani. Sayari zikiwa pamoja zinasema kwa sauti moja. Zikiachana digrii sitini au mia na ishirini zinasaidiana. Zikiachana tisini zinagombana, na mia na themanini zinavutana kila moja upande wake. Ukizidisha au kupunguza digrii tano hivi si neno, na kadiri pengo linavyokuwa sawasawa ndivyo nguvu inavyozidi.

"Mirihi iko Simba, digrii ishirini na sita," alisema. "Toka hapa mpaka hapa, sitini na nne. Wanasaidiana."

Akaweka kalamu, akaanza kueleza kama aliyezoea. Mwenye Utaridi kwenye Mapacha huongea upesi na hujifunza kwa kuongea. Mpe mtu wa kubishana naye na somo limeingia. Husoma vitabu vitatu kwa pamoja, huokota lugha sokoni, huchoka akirudishwa kwenye jambo lile lile. Na Mirihi ikimsaidia, ulimi unakuwa mkali na hauogopi mtu. Huyo akionewa hanyamazi. Afanye lugha, historia, baadaye sheria au utangazaji. Kumkalisha akichora mchoro ule ule mara tano ni kumwadhibu.

Kisha akainua macho na kunitazama kwa mara ya kwanza. Alikuwa amenifundisha miaka minne. Alijua kwamba sijawahi kunyoosha mkono darasani kwake. Alijua madaftari yangu, yaliyojaa michoro kuliko maneno, maana hata Pythagoras nilimchora kwa rangi ndipo nikamwelewa. Alijua kwamba kila somo nalinakili mara tatu, taratibu, na nikishalinakili halitoki. Alinitazama, akatazama duara, akanitazama tena.

"Huyu si wewe," alisema.

 Nilishika ukingo wa meza. Niliona mkuu wa shule, niliona polisi wakipanda kwa mjomba, nikamwona mama akivua kitenge cha kanisani kukiuza. Nikasema kwa sauti ya kunong'ona kwamba ni mimi, mwalimu.

"Tarehe hii ni sahihi?"

"Ndiyo, mwalimu."

 Akasema hatasaini bado; nikatafakari, nirudi wiki ijayo. Mwenye sahihi ni yeye, na hawezi kuandika ushauri huku macho yake yanasema hivi na majedwali vile.

Mtu mwenye akili angetulia. Mimi niliamua kuwa Mapacha. Nilipiga hesabu yangu kitandani: kama anatilia shaka kwa sababu sisemi, basi niseme. Ijumaa kulikuwa na mdahalo, mada ikiwa soko huria limeleta faida kuliko hasara, na nilipeleka jina, lile jina, kuwa msemaji wa pili upande wa kuunga mkono. Wenzangu walidhani natania. Nilipoitwa nilisimama nikasema, "Mheshimiwa mwenyekiti," na hapo hapo maneno yote niliyoyapanga yakanikwama. Niliyaona kabisa, maana ndivyo ninavyokumbuka, ukurasa mzima na mistari yake na doa la chai pembeni, lakini hayakukubali kuja mdomoni. Nikataja mitumba. Nikataja tena mitumba. Mtu wa nyuma akasema, "Mitumba tumeisikia, dada," ukumbi ukaangua kicheko, nikakaa. Mwalimu wa hesabu alikuwa mlangoni. Yeye hakucheka, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Jumamosi niliomba ruhusa kwenda nyumbani kwa kisingizio cha ada. Nilimkuta mama kihambani, kwenye shamba letu la nyumbani, akikata majani ya migomba ya ng'ombe. Alikuwa ametoka gulioni Tarakea siku hiyo hiyo na miguu ilikuwa imemvimba. Nilimsaidia kubeba, na tulipokaa jikoni kumenya ndizi za mtori nikamwuliza nilizaliwa lini hasa.

"Umeanza kusahau?" alisema.

"Nataka kusikia."

"Jumapili ya Matawi. Watu wako kwenye maandamano na matawi yao, mimi niko hapa na mkunga. Baba yako alirudi na tawi akalichomeka juu ya kitanda." Alifuta mikono, akatoa kwenye mkebe kadi yangu ya ubatizo, ya kwangu mwenyewe, iliyokuwa imekaa miaka mitano bila kazi. Tarehe ilikuwepo, mwezi wa tatu, kabla ya Pasaka. Saa hakuijua sawasawa. Jua lilikuwa limeshatoka, alisema. Nikaikariri tarehe yangu kama ya mgeni.

Mama aliniona nikiirudia kimoyomoyo. Alipouliza nilimwambia yote, kitabu, duara na mdahalo. Sikutegemea alichosema. Nilidhani atakemea mambo ya nyota. Aliuliza tu, "Huyo mwalimu ana watoto?" Nikasema sijui. "Mwenye watoto hatasema," alisema. Halafu akaongeza, akigeukia moto, "Lakini njia ya mwongo ni fupi, mwanangu, na sisi tumeshaitembea sana."

Nilirudi Moshi na mpango mwingine, na ulikuwa mpango wa mwoga hasa. Nilikuwa na siku mbili kabla ya fomu kukusanywa. Nikikaa kimya, mwalimu atalazimika ama kukataa, ama kufuata majedwali na kuniandikia lugha, na kidato cha tano cha lugha kingenimaliza. Nilishaona Ijumaa. Nikisema ukweli, nafukuzwa shule, na mjomba anafungwa. Basi nilikwenda ofisini, nikamwamkia, nikasema, "Mwalimu, nina ndugu yangu nyumbani. Naye yuko kidato cha nne. Anaomba umtazamie Utaridi yake."

"Alizaliwa lini?"

Nikataja tarehe yangu na mwaka wangu. Sauti yangu ilikuwa ya ajabu masikioni mwangu. Ilikuwa mara ya kwanza kuitamka tarehe ile ndani ya uzio wa shule.

Mwalimu alivuta kiti karibu na meza. Alifungua kitabu, akachukua bikari, akachora.

"Saa hajui?"

"Asubuhi tu, mwalimu."

"Si neno. Saa ingenisumbua kama ningetaka Mwezi, maana unakimbia. Utaridi kwa siku moja haitembei zaidi ya digrii mbili hivi, labda iwe siku inavuka kutoka nyota moja kwenda nyingine." Kidole kilishuka kwenye mwezi wa tatu. "Jua ndio kwanza limeingia Kondoo, digrii mbili. Utaridi nyuma yake tena, kama kwako. Samaki, digrii kumi na moja."

Alisema kama kwako bila kunitazama. Nikabaki natazama kucha zangu.

"Utaridi haipendi kukaa kwenye Samaki," aliendelea. "Iko ugenini kabisa. Maneno ni mawe na Samaki ni maji. Mtu huyu haelezi, anaona. Somo linamwingia kama picha au wimbo, lote kwa pamoja, na ukimwuliza hatua kwa hatua anachanganyikiwa, na watu wanamwita mjinga. Si mjinga. Mwache achore. Mpe muda. Usimsimamishe mbele ya watu."

Nilisikia pua inaniwasha, dalili yangu ya kulia. Miaka minne nilikuwa najiona bonge la mpumbavu aliyebahatika, na hapa mtu ananisomea kichwa changu kutoka kwenye mstari wa tarakimu. Hofu haikuondoka. Ilipanda, kwa sababu kila neno lililokuwa kweli lilikuwa linanisogeza karibu na kukamatwa.

"Sasa tuone inatazamana na nani. Zohali, Kaa, digrii kumi na mbili." Alihesabu kwa ncha ya kalamu. "Mia na ishirini na moja. Hilo ni la heri sana. Zohali ni mwalimu mkali. Akimsaidia Samaki anamjengea mfereji, maji yanapata njia. Huyu akirudia kitu mara tatu kimekaa milele. Ana subira. Anafaa masomo yenye mchoro na mpangilio, viungo vya mwili, mimea, ramani. Kemia, Biolojia na Jiografia. Baadaye maabara, au udaktari wa mifugo, au kupima ardhi. Mahali ambapo mtu anaangalia kwa makini na kuandika kidogo."

Akaweka alama ya mwisho.

"Na Neptuni, Mshale, digrii kumi na mbili. Tisini kasoro moja. Hao wanagombana." Akashusha sauti, ingawa tulikuwa wawili tu. "Neptuni ni ukungu. Ukigombana na Utaridi, mtu hajui mpaka wa kilicho na kisichokuwa. Anasahau tarehe, anapotea katika maneno. Anaweza kuishi ndani ya jambo lisilo la kweli miaka mingi na likawa nyumba yake. Si kwamba ni mwovu. Lakini uongo kwake ni hatari kuliko kwa wengine, kwa sababu ukimzoea hataiona tena njia ya kutoka."

 Machozi yalidondoka kwenye sketi, na niliyaacha, maana kuyafuta kungekuwa kukiri.

"Ndugu yako anaitwa nani?" aliuliza mwalimu.

Nikalitaja jina langu. La ubatizo na la ukoo, yote mawili. Hakuliandika popote.

"Mwambie asijaze lugha," alisema. Akachukua fomu yangu kutoka kwenye lundo, akaandika kwa mkono wake Kemia, Biolojia, Jiografia mbele ya lile jina la mtu mwingine, akasaini. Nilinyoosha mkono kuipokea. Hakuiachia. Akalivuta duara la kwanza, lile la mwezi wa sita, akaliweka katikati ya meza.

"Na huyu," aliuliza, "huyu anayeongea upesi, asiyenyamaza akionewa. Yuko wapi?"

Miaka yote mitano niliogopa watu wengi. Niliogopa mkuu wa shule, afisa elimu, polisi, hata paroko. Yeye sikuwahi kumwogopa, kwa sababu sikuwahi kumfikiria. Alikuwa jina na tarehe, vitu nilivyopewa pamoja na sare.

"Sijui, mwalimu," nilisema.

Aliiachia fomu. Akaniambia nimwite anayefuata.

Nilifaulu, nikasoma mchepuo ule, na leo nafanya kazi ya maabara, kazi ya kutazama kwa makini na kuandika kidogo. Kama ni Utaridi au ni jicho la mwalimu aliyenitazama miaka minne, siwezi kusema, na wala sijatafuta mtu wa kuniambia. Lakini lile swali lilinikalia. Likizo ya kidato cha nne, baada ya mitihani, nilipanda basi mpaka Sanya Juu, nikamkuta mjomba akipuliza dawa nyanya zake nyuma ya nyumba. Alifurahi kuniona. Alidhani nimekuja kushukuru.

Nilimwuliza yule msichana aliishia wapi.

"Yule?" Alitua bomba la dawa. "Alivuka kwenda Kenya. Kufanya kazi za ndani, nasikia. Mama yake alifariki mwezi wa nane mwaka ule ule."

"Mwezi wa nane," nilisema. "Mtihani ulikuwa wa tisa."

Mjomba alitazama nyanya. Alikuwa mtu mwema, mjomba wangu, na naliandika hili nikijua hivyo.

"Alirudi," alisema mwishowe. "Asubuhi ya mtihani. Amevaa sare, ana kalamu na rula. Sisi tukamwambia jina lake limeshafutwa, maana alikuwa mtoro tangu mwezi wa pili. Tungefanya nini? Ulikuwa umeshakaa." Akaokota bomba tena. "Hakukubali, yule mtoto. Alikuwa na mdomo. Alibishana na mimi kwa Kiswahili, akabishana na mlinzi kwa Kichagga, akamgeukia msimamizi wa mtihani aliyetoka Moshi akamwambia kwa Kiingereza kwamba yeye ndiye aliyeandikwa pale. Kiingereza cha darasa la saba, lakini alikisema. Mpaka nikamshika mkono nikamtoa getini mwenyewe."

Ninaikumbuka asubuhi ile vizuri, kwa namna yangu ya kukumbuka, kama picha. Nilikuwa dawati la tatu kando ya dirisha, naandika jina lake juu ya karatasi ya majibu, herufi kwa herufi, nikiogopa kulikosea. Nje kulikuwa na sauti ya msichana, kali, ya haraka haraka. Nilidhani ni mtu anagombana na mlinzi. Nikainamisha kichwa, nikaendelea kuandika.